Namba za Pembeni ni za Nani?

Fundi cherehani alitoka maabara ya zahanati na karatasi iliyomnyima raha. Wingi wa damu yake ulikuwa 12.4, pembeni pameandikwa kiwango 13 hadi 17, na katikati alama ya kuonyesha iko chini.

"Wifi, umekwisha!" dada wa mumewe akapiga kelele. "Funga cherehani ulale. Vidonge vya kuongeza damu ninavyo, anza leo."

"Nilale, na sare za kwaya zinatakiwa Jumapili? Wewe utawashonea?"

Akachukua kalamu akaandika barua: "Daktari, shikamoo. Hizo 13 hadi 17 ni namba za nani? Na mwenye 12.4 afanye nini sasa? Nielezeni kwanza, dawa baadaye."

Akaipeleka mwenyewe zahanati. Tabibu alisoma barua, akatazama karatasi, akauma mdomo asicheke.

"Mama, kiwango ni pale damu ya watu wengi wenye afya inapoangukia. Sasa hiki ni cha wanaume. Hapa juu umeandikwa Me, yaani mwanamume."

"Mimi? Watoto watano nimezalia wodi hiyo hapo!"

"Samahani, mama, tumekosea. Mwanamke huanzia 12, kwa hiyo uko sawa. Huna haja ya vidonge. Ukiona uchovu usioisha au pumzi inakata, rudi tupime tena." Akasahihisha karatasi, akatia saini.

Nje, wifi aliyemfuata alikuwa ananyonga leso. "Wamesemaje?"

"Kama mwanamume, ninaumwa. Kama mwanamke, mzima kabisa. Nimeamua kubaki mke wa kaka yako."