Viatu vya Goulven

Soazig Kerbrat ndiye aliyeandika barua zote za nyumba ile ya Landerneau, mji mdogo wa Ufaransa, na mumewe Goulven ndiye aliyetia jina. Hata barua pepe: mke akimaliza humwita, naye huja kubofya G-o-u-l-v-e-n kwa kidole kimoja, polepole hadi mtu unataka kumnyang'anya mashine.

Miguu ya Goulven ilipovimba kwa ugonjwa wa moyo, hakuna kiatu kilichomwingia. Aliagiza viatu vya kitambaa vinavyofunguka mbele, kwenye duka la mtandaoni, ili ashuke tena bustanini akaone njegere zake. Tarehe ya kuletwa ikapita. Soazig akaandika barua ya kwanza, kwa jina la mume: namba ya oda, tarehe iliyoahidiwa, na siku nane za nyongeza waulete mzigo. Duka likakaa kimya. Siku ya sita Goulven akafa. Wakamzika na soksi tu.

Wiki iliyofuata Soazig alikaa tena mezani, amejawa na hasira. Barua ya pili ilikuwa ya kuvunja ununuzi: muda wa nyongeza umekwisha, mzigo haukufika, kwa mujibu wa sheria ya walaji pesa zirudi kabla ya siku kumi na nne.

Jirani yake Gwenola alisoma akiwa amesimama nyuma yake.

"Umeandika kama ni yeye anayedai, mama."

"Oda ni yake."

"Na pesa zitarudi kwenye kadi yake. Benki imeshaifunga akaunti. Waambie ukweli, uambatishe cheti cha kifo na namba ya akaunti yako."

"Sitaki pesa zao, Gwenola. Nataka wajue wamechelewa."

"Sasa watajuaje, kama hujawaambia?"

Soazig akarudisha vidole kwenye kibodi. Tangu mazishi alikuwa akisema Goulven "hayupo", kana kwamba ameenda kununua mkate. Neno lenyewe lilikuwa halijamtoka mdomoni. Akaliandika: mume wangu amefariki. Chini yake akaongeza: asubuhi ile aliuliza kama viatu vimefika.

"Hilo la pili si la kiofisi," Gwenola alisema kwa upole.

Soazig akalifuta. Akakaa kidogo, akalirudisha.

Kisha akamalizia kwa adabu inayotakiwa, hata kwa watu waliokukosea: tafadhali pokeeni, Bibi au Bwana, salamu zangu za heshima. Akasoma yote tangu juu, akarekebisha alama moja, akasukuma kiti kando kumpisha mtu.

"Goulven, njoo utie jina."

Gwenola akamshika bega. Baadaye Soazig akavuta kiti mbele, akaandika jina lake mwenyewe, kwa kidole kimoja.