Mashimo ya Komanda

Sisi watu wa Butembo tulijivunia baridi yetu kana kwamba tuliinunua. Malaria, tulisema, ni ugonjwa wa watu wa Beni, kule chini kwenye joto. Kumbe baridi ilikuwa inatusaidia kitu kimoja tu: mbu alikufa kabla vimelea havijakomaa ndani yake. Mwaka ule wa vita joto lilizidi, mvua ikakataa kukatika, na wakimbizi wa Beni wakapanda kwetu, wengine na malaria damuni. Tulikosa tu maji yaliyotuama ya kuzalia mbu. Hayo, askari walituletea.

Walichimba mahandaki kuzunguka uwanja wa ndege wa Rughenda. Mvua ikayajaza, jua likayapasha. Mimi, muuguzi wa kituo cha jirani, nikachota maji kwa kikombe cheupe, nikampelekea komanda wao. Viluwiluwi vilikuwa vimelala bapa juu ya maji, alama ya mbu wa malaria.

"Ni nini hii, banyoka?" akacheka.

"Ni batoto ya mbu ya malaria. Mufukie ile mashimo, komanda."

"Lakini mama, adui anakuyaka na bunduki, hapana na mabawa!"

Wiki chache baadaye adui hakuwa amekuja, na nusu ya askari walikuwa wamelala kwenye mikeka yangu. Komanda aliletwa mchana wa jua kali, akitetemeka ndani ya makoti mawili. Akameza kwinini, kisha akaniita karibu kwa sauti ya mtoto wa katekisimu.

"Mama, ile mashimo... mulisema tufukie na nini?"

"Na udongo ileile mulitoa, komanda."