Ukingo Uliokatika kwenye Picha

Tangu dada yake Syombua aende Makueni kumzika mama mkwe, Kyule hakutulia nyuma ya kaunta. Yeye ni mchonga vinyago. Duka lilikuwa la dada. Mbaya zaidi, Syombua alibeba daftari la madeni ndani ya mkoba bila kujua, na wapangaji wa jengo zima pale mtaa wa Pipeline, Nairobi, wakaendelea kuja: "Niandikie." Nani anadaiwa ngapi? Kyule hakujua.

Syombua akapiga picha ya ukurasa, akaituma. Mwandiko ulikuwa mdogo. Kyule akaikuza hadi ukasomeka, akapiga skrinshoti, akaipeleka kwa Mumin wa saiba, lile duka la kompyuta, aliyechora jedwali: jina, tarehe, alichochukua, alicholipa, na baki baada ya kila mstari.

"Mzee, hii ni moja ama saba?" Mumin akauliza.

"Moja. Saba ya dada huwa na mkato katikati."

"Mbona hakuna hata mmoja aliyelipa?"

"Andika unavyoona. Duka nimeliacha na jirani."

Jioni akaja Andati, kibarua wa kiwandani, kuomba pakiti ya unga. Kyule akafuata orodha kwa kidole: 340, kisha 180 ikawa 520, kisha 250 ikawa 770.

"Ndugu, una mia saba sabini. Dada haruhusu kupita mia tano."

"Mimi? Nilimpa Syombua mia tano mkononi!"

"Hapa haipo."

"Haya, Andati, leo utalala na ugali wa maneno," akasema Nekesa, muuza mboga wa pale mlangoni. Watu wakacheka. Andati akaondoka bila kuaga.

Kyule akamhudumia mteja wa sukari, akamrudishia chenji vibaya. Akatoka, akaingia. Mwishowe akafungua ile picha ya kwanza. Ukingoni kulia kulikuwa na namba zilizozungushiwa duara. Akampigia dada.

"Hizo ni pesa walizolipa. Hukuziona?"

"Nilipokuza, zilibaki nje."

Sambamba na 180 ya Andati palikuwa na 500 ndani ya duara. Kyule akarudia hesabu: 520 kutoa 500 ni 20, kuongeza 250 ni 270. Kosa lile moja lilikuwa limeharibu kila baki lililofuata, na wengine pia walikuwa na duara zao.

Akapanda ngazi na pakiti ya unga hadi chumbani kwa Andati.

"Samahani, ndugu yangu. Ulilipa. Una mia mbili sabini."

Andati hakuupokea. "Kule chini ulinitaja mbele za watu. Hapa tuko wawili."

Kyule, ambaye hata kanisani huomba kimoyomoyo, akateremka naye. Wateja walikuwa wamejaa kwenye kaunta.

"Andati alilipa," akasema. "Mimi ndiye niliyekata picha."

"Sauti, fundi!" Nekesa akapaza. "Ile ya kumdai tuliisikia mpaka barabarani!"

"Andati alilipa! Kosa ni langu!"

Andati akachukua unga, akaupangusa vumbi.

"Bei?"

"Mia moja sabini."

"Basi andika. Na usome jumla."

Kyule akaandika, akasoma kwa sauti: "Mia nne arobaini."