Mifuniko ya Bwana Ndoo

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ana duka la vyombo vya plastiki. Akianza kusema, hata feni hupunguza mwendo imsikilize. Jumatatu ile feni ilisimama kabisa. Matroni wa bweni alikuwa ameagiza ndoo arobaini za lita ishirini, achukue Ijumaa. Akikosa, anahamia duka la jirani. Sasa tumefungua katoni, ndoo sawa, mifuniko ya lita kumi! Ukiiweka juu ya ndoo, inatumbukia ndani.

Akamwandikia msambazaji, tunayemwita Bwana Ndoo. Barua pepe zote alinisomea, maana mimi na herufi hatujuani.

“Habari za kazi. Mifuniko yote 40 uliyoniletea ni midogo. Mdomo wa ndoo una sentimita 30, mfuniko 24. Picha nimeambatisha. Naomba ubadilishe kabla ya Ijumaa.”

“Mama, mifuniko yetu haina kasoro. Labda ndoo zimepanuka kwa joto. Tena mpokeaji wako alithibitisha mzigo kwenye hati ya mapokezi. Picha yake hii, dole gumba hilo hapo.”

Dole lenyewe langu!

“Mama, ulitia dole?” mkwe akaniuliza.

“Nilitia. Ila dereva aliyeleta mzigo nilimwandikisha kwanza kwamba ndani sijaona. Mimi silitii kwenye kitu nisichokiona. Hata baba mkwe wako alizungushwa mara tatu mbele yangu ndipo nikakubali ndoa.”

Tukatoa nakala yetu ya hati, mkwe akamjibu.

“Bwana, picha yako imekata mstari wa chini. Hati nzima hii: ‘Katoni zimefungwa, hazijakaguliwa’, mwandiko wa dereva wako. Lebo ya katoni ya mifuniko inasema lita 10, oda yangu inasema 20. Masharti yako yanatoa siku saba za kulalamika. Leo ni ya pili. Kuhusu joto, tazama picha ya mama mkwe.”

Nilikuwa nimekaa juani saa tatu nzima, mfuniko kichwani, ndoo mapajani, rula mkononi. Mfuniko ulibaki 24, ndoo 30. Aliyepanuka ni mimi.

“Samahani, Mama. Bohari ilichanganya katoni. Rudisha midogo kwa gharama yako, tuikague, kisha nitatuma mingine baada ya siku kumi.”

“Kosa la bohari yako, usafiri wako. Gari lako hupita huku Alhamisi. Lishushe mikubwa, lichukue midogo, dereva aikague hapa hapa. Usipokubali, mama anarudi juani.”

“Msimrudishe! Alhamisi saa nne. Nawaomba ile picha isimfikie mkurugenzi wangu.”

Dereva alifika saa nne kamili. Nilijaribu mifuniko yote arobaini, mmoja mmoja, huku dereva akitoka jasho la kutosha kujaza ndoo mbili.

Ijumaa matroni akaja. Akafunika ndoo moja, akaikalia kwa uzito wake wote, uzito wa kuzamisha meli. Mfuniko haukutoa hata mlio.

“Hizi ndizo,” akasema, wala hakuinuka mpaka gari la bweni lilipokuja kuzichukua.