Baiti Thelathini na Mbili

Mimi na yeye tulitoka Mpanda, mimi Nsemulwa, yeye Ikola kule ziwani, na kwa sababu hiyo tukapangwa pamoja kwenye maabara ya chuo, Dar. Kazi ilikuwa kuchora kwenye skrini bila mfumo wowote wa uendeshaji: kompyuta inawaka kwa diski yetu tu, nasi tunaandika nukta moja moja kwenye kumbukumbu ya skrini. Mimi nilishika uwashaji, yeye uchoraji. Ripoti ilitaja nani kaandika nini, na kila mtu alipata alama za sehemu yake. Yeye akifeli, mfadhili wake angeacha kumlipia ada.

Hesabu yake ilikuwa sahihi: zidisha namba ya mstari kwa pitch, ongeza namba ya safu. Pitch ni idadi ya baiti kutoka mwanzo wa mstari mmoja hadi mwanzo wa unaofuata, pamoja na mkia usioonekana kwenye skrini. Kadi ya picha yenyewe ndiyo inayoitaja, naye aliisoma kutoka huko. Skrini yetu ilikuwa na nukta mia nane kwa upana, baiti moja kila nukta, na kwenye kompyuta tuliyozoea pitch nayo ilikuwa mia nane. Nikaona anajisumbua. Siku moja kabla ya mtihani, bila kumwambia, nikaifuta pitch kwenye sehemu yake, nikaweka mia nane. Nilijiona mjanja. Mjinga mkubwa.

Kwa desturi ya maabara ile, siku ya mtihani mashine hugawiwa kwa bahati nasibu. Tuliyopata, pitch yake ilikuwa mia nane thelathini na mbili. Mstari wa wima ukaanza vizuri juu, kisha kila hatua ya kushuka ukasogea kushoto nukta thelathini na mbili, hadi picha nzima ikawa vipande vya mshazari.

Mwalimu akafungua ripoti. "Uchoraji ni wako, dada?"

"Ni wangu, Mwalimu, ila hii mia nane sikuiandika mimi."

Mwalimu akanitazama. "Kaka?"

Nikasema, "Kila mtu aliandika sehemu yake."

Akapewa sifuri. Jioni ileile nikairudisha pitch, na mstari ukasimama wima kwenye mashine zote mbili. Sikumwambia mwalimu. Niliogopa alama zangu, basi, sina utetezi mwingine. Muhula uliofuata mwenzangu hakurudi.

Mwaka mmoja baadaye nilikwenda Ikola kumwomba radhi. Nilimkuta anageuza dagaa juani, mikono inang'aa magamba.

"Nyie wa chuo mnakuja kununua dagaa siku hizi?" akauliza, bila kucheka. Nikaanza maneno yangu niliyoyapanga njia nzima. Akanikatiza.

"Kaka, ile pitch uliirekebisha?"

"Niliirekebisha."

"Ilikuchukua muda gani?"

Nilitamani kudanganya tena.

"Dakika moja," nikasema.

Akatikisa kichwa, akasogea kwenye kichanja kingine kugeuza dagaa.