Hotuba ya Matuta

Nilipokuwa mtoto huko kwetu milimani, juu ya kijiji cha Mgwashi, niliamini kwamba msitu ulikuwa umenichukulia sauti.

Bibi, mzaa mama, alikuwa amenionya. “Ukiitwa kwenye ukungu, usiitike mpaka umwone anayekuita. Ukiitika, sauti yako haitarudi nawe.” Siku moja, tukitafuta kuni, nikasikia “Zaina!” nikaitika. Kumbe hakuna mwenzangu aliyeniita. Jioni koo likanikauka, na nilipopona homa nilibaki na kisauti cha kunong’ona. Darasani niliposimama kujibu, wenzangu walicheka. Bibi alisikitika tu: “Si nilikwambia?”

Basi fikiria hasira yangu Mwalimu Mkuu aliponichagua mimi, wa darasa la nne, nihutubie paredi. Bwana Shamba, Mwingereza, alikuwa anakuja, na wazazi wameitwa. Nilichaguliwa kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri, kana kwamba hotuba husomwa na mkono! Maneno aliyaandika Mwalimu Mkuu mwenyewe: faida za matuta. Enzi hizo Serikali ililazimisha kila shamba la mteremko lichimbwe matuta, na asiyechimba alishtakiwa barazani. Mama alichimba tangu alfajiri mpaka mgongo ukagoma kunyooka.

Nilikariri ukurasa mzima nikienda kisimani. Kwenye zoezi la kwanza nilikwama sentensi ya nne. La pili, sentensi ya nne. La tatu nikatupa karatasi chini na kulia kwa uchungu.

Mwalimu Hilda, aliyetufundisha Kiswahili, akaiokota. “Unakariri kama anayevuka mto juu ya gogo,” alisema. “Ukiteleza neno moja, umetumbukia. Kariri sentensi ya kwanza tu. Mengine, jua ni mambo gani matatu unayotaka kusema.”

“Sauti sina, Mwalimu. Ilichukuliwa.”

Hakunicheka. Aliniwekea kiganja tumboni. “Vuta pumzi mpaka mkono wangu usukumwe. Sasa sema polepole, pumzi ikitoka. Usipige kelele, koo litafunga. Mtazame mtu wa mwisho kabisa, useme naye. Ukimaliza jambo, nyamaza kidogo, wapate kulisikia.”

Alikwenda kusimama ng’ambo ya bustani ya shule. Kila niliposema, alitikisa kichwa: hasikii. Siku nne nzima kichwa kile! Nilimchukia. Siku ya tano akainua mkono. Amesikia.

Siku yenyewe bendera ya Mwingereza ikapandishwa, tukaimba, nikaitwa. Nilipanua miguu kidogo, nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa. “Bwana Shamba, walimu wetu, wazazi wetu, shikamooni. Nitasema juu ya matuta.” Ilitoka! Nikasema yanazuia maji, yanashika udongo. Kisha, sentensi ya nne, giza.

Mwalimu Mkuu akakohoa. Nyuma ya wazazi wote, chini ya miti ya miwati, alisimama mama, udongo ungali miguuni. Nikakumbuka: mtu wa mwisho. Nikavuta pumzi tena, nikasema naye.

“Mama yangu amechimba matuta. Udongo mweusi umefukiwa chini, mwekundu umekuja juu. Mahindi yetu yamekuwa ya njano.” Nikanyamaza, kama nilivyoagizwa. Hakuna aliyekohoa. “Mama haumwi uvivu. Anaumwa mgongo. Tunaomba Bwana Shamba aje aone shamba letu.”

Mkalimani wa Bwana Shamba alisitasita. Mwalimu Hilda akamwambia, “Tafsiri alivyosema.” Akatafsiri. Bwana Shamba akaandika kitu kwenye daftari, akashukuru, akaondoka.

Hakuja shambani. Mimi nilikata majani ya uwanja wa shule wiki nzima kwa kosa la kuacha maneno niliyopewa. Jumatatu mama aliamka alfajiri kuchimba, kama siku zote. Nilipomwambia nimesema bure, akapumzika juu ya jembe. “Nilisikia kila neno,” akasema. “Kule nyuma hatusikiagi kitu.”

Bibi alishikilia kwamba msitu ulichoka kunishikia sauti. Sikubishana naye, na hata leo nisingebishana. Ninavyoona sasa, nilinyamazishwa na homa kidogo na kuchekwa sana. Lakini maelezo ya bibi yalinipa heshima: nilikuwa mtoto aliyeibiwa, si mjinga.

Matuta yalikuja kuachwa baadaye, baada ya watu wazima wengi kukataa kwa nguvu zaidi yangu. Nimekwisha kuhutubia mikutano mingi, na kinachoniudhi bado ni kilekile: unaweza kusema vizuri, ukasikika vizuri, na kesho jembe likabaki palepale. Hilo hakuna mwalimu aliyenifundisha la kulifanya. Nimelizoea tu, nikaendelea kusema.