Bi Nukta na Neno Lililokosewa

Jina la Bi Nukta alipewa na wenzake, maana nukta ikikosekana kwenye ukurasa hana raha. Miaka ishirini alihariri vitabu vya watu. Sasa kamusi ya watoto ilikuwa itoke na jina lake mwenyewe jaladani, na mchapaji aliitaka ifike Jumatatu. Kurasa za mwisho zilikuwa ndani ya laptop tu.

Asubuhi hiyo laptop ikavimba. Kibao cha kupapasia kwa kidole kiliinuka, kifuniko kikagoma kufungika. Akaizima papo hapo, akachomoa waya, akaiweka kwenye vigae vya sakafu, mbali na mapazia.

"Mama watoto, si uibonyeze kidogo tu ikae?" mumewe alishauri.

"Ibonyezwe ituunguze? Baba watoto, usithubutu kuigusa!"

Akaitia ndani ya sufuria kubwa kuliko zote jikoni, ikiwaka iwakie humo, akaifikisha dukani ilikonunuliwa. Waranti ilikuwa na miezi minne mbele. Mhudumu wa mapokezi aliangalia sufuria, akabana kicheko, akajaza fomu: *Betri imechoka.*

"Pole, mama. Betri iliyochoka haimo kwenye waranti."

Bi Nukta aliisoma fomu, na moyo ukamruka kwa furaha. Lile lilikuwa kosa la neno, na makosa ya maneno ndiyo kazi yake! Akaomba karatasi, akaandika palepale:

*Betri yangu haijachoka. Hadi jana ilikaa na chaji kwa saa tano. Imevimba, imelipinda kasha la laptop, na inaweza kuwaka moto nyumbani kwangu au hapa mezani penu. Kuchoka ni matumizi. Kuvimba hivi ni hitilafu. Nadai laptop nyingine. Mkikataa, nipeni sababu kwa maandishi, na jina la atakayebeba dhamana ikiwaka.*

Mhudumu alisoma, akaacha kutabasamu, akaipeleka ndani. Fundi mkuu alitoka mbio.

"Nani kaiacha hii hapa mapokezi?"

Akaibeba na sufuria yake. Kupitia kioo Bi Nukta alimwona akivaa miwani na glavu, akiifungua taratibu, akiitoa betri bila kuipinda na kuilaza kwenye ndoo ya mchanga.

"Kasha limepinda, hii haitengenezeki," fundi alisema aliporudi. "Unapewa mpya, mama. Diski yenye kazi zako ni nzima, naihamishia humo."

Laptop mpya ilipowashwa, Bi Nukta alitafuta kurasa zake.

"Zipo! Zipo zote!" Alimkumbatia mhudumu yuleyule bila kufikiri.

Akaletewa fomu mpya asaini. Ilikuwa imeandikwa: *Betri imevinba.* Kalamu ilisimama hewani. Mhudumu akameza mate.

Bi Nukta akaiacha ile 'n' ilipo, akasaini. Kisha akafunga kifuniko cha laptop, kikafungika.